Aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa michezo katika skuli moja ya sekondari hapa Wete. Naandika kuhusu kosa nililolifanya mwenyewe, ambalo bado naliona likifanywa katika mashindano ya skuli.

Ilikuwa kona, kama dakika kumi kabla ya mapumziko. Beki wangu wa kati na mshambuliaji wa wapinzani waliruka pamoja, vichwa vikagongana. Kijana alianguka, akajishika kichwa, akainuka mwenyewe. Nilimmwagia maji, nikamwonesha vidole viwili, akavihesabu sawasawa. "Mzima mie, Maalim," akaniambia. Nikamrudisha. Baadae nilimuona amesimama kama aliyepotea wakati wenzake wanapanda, na kipa alipomwita alichelewa kugeuka. Nikadhani ni uchovu. Mapumziko akaniuliza mara mbili tumefungwa ngapi, nasi tulikuwa sare, hapana bao. Hapo ndipo nilipomtoa. Haikupita nusu saa akatapika, na garini tukielekea hospitali akatapika tena.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini zile dakika kumi nilimwacha acheze na ubongo uliokwisha tikisika. Pigo la pili kabla la kwanza halijapoa huongeza na kurefusha maumivu, na kwa vijana, ingawa ni nadra, ubongo unaweza kuvimba kwa ghafla hadi mtoto akafa.

Kosa langu lilikuwa kusubiri azimie. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa. Kinachoonekana ni uso uliopumbaa, miguu inayoyumba, mtoto kujibu polepole au kusimama pasipo pake. Mwenyewe atalalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga kumuumiza, au atasema tu kwamba hajisikii vizuri. Kuhesabu vidole kunapima macho. Na jina lake na la baba yake atakutajia, kwa sababu hayo ni ya siku nyingi. Kinachoyumba ni kumbukumbu ya mambo ya karibuni. Kwa hiyo muulize: Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani kafunga bao la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani, na tulishinda? Akikosea hata moja, atoke. Akijibu yote, bado hujathibitisha kwamba ni mzima. Maswali haya ni ya kumtoa mtu, si ya kumrudisha, na ukiona dalili moja tu, au ukiwa na shaka, majibu yake hayana kazi tena.

Akishatoka, siku hiyo harudi, hata kama baada ya dakika tano anacheka na wenzake. Dalili nyengine hujitokeza baada ya saa kadhaa, hata kesho yake. Asiachwe peke yake, asirudi nyumbani kwa baskeli, na mzazi aambiwe kwa mdomo wako, si kwa kutumiwa salamu na mtoto mwenziwe. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akiona vitu viwili viwili, akipata degedege, mkono au mguu ukifa ganzi, au akizidi kuchanganyikiwa na kusinzia, ni hospitali mara moja. Akilalamikia shingo, au akiwa amezimia, tuache ile tabia yetu ya kumnyanyua kwa mikono na miguu. Atulizwe pale pale, kichwa kisichezeshwe, ila mkihakikisha anapumua, mpaka afike anayejua kumbeba.

Kurudi nako kuna ngazi. Siku moja au mbili za mwanzo apumzike bila kulazwa kitandani, atembee kidogo, apunguze simu. Kisha mbio nyepesi, kisha mazoezi ya peke yake, kila ngazi isiyopungua saa 24. Mazoezi na timu yaanze pale tu dalili zimekwisha, darasani anasoma kama kawaida, na daktari ameruhusu. Kupiga mpira kwa kichwa na kugongana huja mwisho.

Lipo jambo moja ambalo mwalimu hawezi kulitatua peke yake. Nimewahi kumsikia mwenzangu akisema kijana abaki uwanjani kwa kuwa nafasi za kubadilisha wachezaji zimekwisha. Tangu Julai 2024 sheria za soka zinayaruhusu mashindano kuipa kila timu nafasi moja ya ziada kwa mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo, hata kama nafasi za kawaida zimekwisha. Timu ikiitumia, wapinzani nao hupata nafasi moja. Aliyetoka harudi, hata kwenye mikwaju ya penalti. Lakini nafasi hiyo haipo mpaka waandaaji waiandike katika kanuni zao. Nawaomba wanaosimamia mashindano ya skuli Unguja na Pemba waiandike, na refa na walimu wote wasomewe kabla ya mechi ya kwanza.

Mwalimu wa michezo,
Wete, Pemba