Barua kwa mwanangu: saa ya hina iuzwe bei gani

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Umeniuliza kama shilingi 3,500 za yule bibi harusi wa Mtwapa zinatosha, hina ya mikono na miguu, kazi ya saa nne. Kwa simu hesabu hii haielezeki, mjukuu wangu analia na wewe unaniitikia tu. Chukua kalamu.

Saa nne ni za kuchora peke yake. Kutoka hapo Kisauni hadi Mtwapa na kurudi ni saa mbili, foleni ikikuhurumia. Kuchekecha hina, kuikoroga na kujaza koni usiku wa kabla ni saa moja. Kumtumia picha za maua na kujibu maswali ya dada zake kwenye simu, saa nyingine, ingawa huihesabu kwa sababu huja vipande vipande. Kisha kumngoja saa moja, maana bibi harusi aliye tayari kwa wakati mimi sijamwona. Hizo ni saa tisa.

Sasa toa gharama: hina, mafuta na koni 500, matatu na tuktuk ya usiku 600, yaya wa Jumamosi 300. Zabaki 2,100. Gawanya kwa tisa, upate kama 233 kwa saa. Wewe ulikuwa umegawanya 3,500 kwa nne ukaona 875, ndiyo maana ulifurahi.

Je, 233 ni haba? Wengi hulinganisha na mshahara. Wako, baada ya makato na nauli, ni 31,200. Siku 26 za saa nane, na saa mbili za njiani kila siku, ni saa 260, yaani 120 kwa saa. Lakini kipimo hicho hakikufai, kwa sababu ofisi hainunui saa zako za Jumamosi hata ukiwapelekea. Jiulize ile saa ingefanya nini kama hungekwenda Mtwapa.

Wiki za kawaida, ungefua. Mama fua unamlipa 400 kwa nguo ambazo wewe ungezimaliza kwa saa mbili na nusu, kwa hivyo saa yako ya nyumbani ina thamani ya 160. Kazi ikikuachia chini ya hapo, afadhali ubaki ufue mwenyewe. Mtwapa inakuachia 233, basi nenda. Ila usije ukatoa pesa ya yaya kwenye gharama halafu ukaongeza bei ya saa kwa sababu hukukaa na mtoto. Hilo ni jambo moja, usilihesabu mara mbili.

Lakini arusi hii ni ya Mfunguo Mosi, na hapo mambo hugeuka. Mwezi huo majirani hukugongea mlango wenyewe. Mmoja hulipa 1,000, hina yake 100, saa moja na nusu pamoja na kukoroga. Wakija watatu Jumamosi, una 2,700 kwa saa nne na nusu, na tuktuk hujapanda. Ukienda Mtwapa unawakosa hao, unapata 2,100, na jioni yote imekwisha. Bei ile ile iliyokuwa nzuri mwezi mwingine, mwezi huu ni hasara ya 600.

Kwa hivyo mtajie hivi. Kwanza 2,700 za majirani utakaowakosa. Ongeza saa nne na nusu zilizozidi, kwa 160 ni 720. Ongeza gharama 1,400. Ni 4,820, mwambie 5,000. Wasipofika watatu kwa kweli, hesabu yote hii inashuka, basi tazama daftari lako la mwaka jana, usitegemee matumaini.

Najua wapo wanaopunguza saa kwa piko ya nywele kwa sababu hushika upesi. Hiyo usiiguse, huchoma ngozi za watu, na malengelenge mkononi mwa bibi harusi hayana bei.

Akisema 5,000 ni nyingi, usishushe kwanza. Mwambie aje kwako. Safari inaondoka, kungoja kunaondoka, yaya hahitajiki. Zabaki saa sita na gharama ya 500. Bado unawakosa majirani 2,700, na saa moja na nusu iliyozidi ni 240. Jumla 3,440. Zile 3,500 zake ni bei ya haki, mradi yeye ndiye apande tuktuk.

Mjibu kabla hajaandikisha mtu mwingine, na achukue siku kwa arubuni ya 1,000, isiyorudi akighairi hina ikiwa imeshakorogwa. Binti ya shangazi yako umpake bure kama kawaida, lakini uiandike daftarini kuwa ni zawadi.

Nisalimie baba mtoto.

Mamako