Barua kwa mwanangu: hizo tani mamia umezitoa wapi?

Isevya, Tabora

Mwanangu,

Marahaba. Hapa hatujambo, bibi yako anakusalimu, na mguu wake una nafuu.

Uliniomba niyapitie maelezo yako ya LinkedIn kama mtu wa utumishi, siyo kama mama. Haya. Nimestaafu, lakini macho ya kusomea maombi ya kazi bado ninayo. Nimesoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa Kiingereza chako, na nikiri kwamba kilinipendeza sikioni. Mara ya pili nikakitia Kiswahili, sentensi kwa sentensi, nikamsomea bibi yako akiwa anachambua maharage. Kilitoka hivi:

"Mimi ni kiongozi mwenye maono na shauku kubwa katika mnyororo wa thamani wa asali, ninayesukumwa na matokeo. Kwa uzoefu wa zaidi ya miaka mitano, nimesimamia mamia ya tani za asali, nimebadilisha maisha ya wafugaji nyuki 5,000 na kupunguza hasara kwa asilimia 80."

Bibi akauliza, "Huyo ni nani?" Nikamwambia ni mjukuu wake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe siku hizi hapimi tena asali?"

Baba, swali hilo ndilo barua yangu yote. Wewe unapima asali. Ndiyo kazi yako pale Sikonge, na ndiyo inayokuamsha alfajiri malori yanapofika. Katika maneno yote uliyoandika, kupima hakumo. Maneno makubwa yamekalia nafasi ya kazi yako.

Tuanze na hizo tani, kwa sababu mtu wa asali ataanza nazo. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kilo 28 hivi, kwani asali ni nzito kuliko maji. Wewe mwenyewe ulinifundisha hilo ulipokuwa chuoni. Ulinieleza kwamba msimu wa kwanza mlipokea ndoo 400 na wa pili 380. Jumla 780. Zidisha mara 28, unapata kilo 21,840, yaani tani 22 bila kutimia. Mamia ya tani yametoka wapi? Mnunuzi anayejua kituo chenu kina chumba kimoja na mizani moja hatahitaji hata kalamu. Na akishakukamata hapo hatasema umezidisha kidogo kwenye tani. Atarudi juu aanze kukushuku kwenye kila sentensi, hata zile za kweli.

Miaka mitano nayo ni hivyo hivyo. Umehesabu na mafunzo ya vitendo ya chuoni, pamoja na ile likizo uliyomsaidia mjomba wako kwenye mizinga. Lakini kwenye ukurasa huo huo, chini ya About, kuna Experience yenye mwezi na mwaka ulioanza kazi, na inaonyesha miaka miwili na ushee. Msomaji hahitaji kumpigia mtu simu, anashusha kidole tu. Nimewahi kuona maombi mengi yakienda pembeni kwa kosa hili peke yake, kwa sababu mwombaji alikuwa amejipinga mwenyewe ndani ya ukurasa mmoja.

Wafugaji 5,000 nadhani ni wale walioandikwa kwenye daftari la ushirika. Walioleta asali kwenye kituo chenu uliniambia ni 212. Na maisha yao ulibadilishaje, mwanangu? Ulipima asali yao, ukawaambia ukweli, wakalipwa. Hiyo ni heshima ya kutosha.

Sasa hiyo asilimia 80. Hapa nitakaa, kwa sababu si uongo, na kwa hiyo ndiyo inayodanganya zaidi. Msimu wa kwanza mnunuzi aliwarudishia ndoo 10 zilizochacha: vifuniko vimevimba, povu juu, harufu ya uchachu. Msimu wa pili zikarudi 2. Kutoka 10 hadi 2 ni kweli imepungua asilimia 80. Lakini mtu akisoma asilimia 80 anaona ghala zima likiokolewa, kumbe tunazungumzia ndoo nane. Ukiweka idadi kamili, ndoo 10 kati ya 400 na 2 kati ya 380, msomaji anaona ukubwa wa kazi na anaona pia kwamba humfichi kitu. Asilimia inayotokana na idadi ndogo usiiandike peke yake kamwe. Iandike na idadi zake, au andika idadi tu.

Halafu ni nani aliyepunguza? Umeandika kana kwamba ulikuwa peke yako na nyuki. Uliponisimulia kwa simu, habari ilikuwa hivi. Msimu wa kwanza mlikuwa mkipima unyevu wa ndoo moja katika kila kumi. Ndoo zilizorudi zilipofika, wewe ulikaa na daftari ukagundua kwamba hakuna hata moja kati ya hizo kumi iliyokuwa imepimwa. Ukamwambia msimamizi mpime kila ndoo kwa rifraktomita, na inayozidi asilimia 20 ya unyevu isipokelewe. Akakataa kwanza kwa sababu ya muda, ukamwonyesha kwamba kipimo kimoja ni tone la asali na dakika chache. Mwenzako naye akaenda vijijini kuwaeleza wavunaji waache masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta, kwa sababu asali yake bado ni mbichi, imejaa maji.

Hapo ndipo ulipo wewe, na hukuandika hata neno! Mwenye maono wako wengi, kila ukurasa ninaofungua nakutana naye. Kijana aliyefungua daftari akaona ndoo zilizorudi ndizo zisizopimwa, huyo ningemwita kwenye usaili hata kama alama zake za chuo ni za wastani.

Nikukumbushe kisa kimoja. Tuliwahi kumsaili kijana aliyeandika kwamba amesimamia bajeti ya idara. Mwenzangu mmoja mezani akamwuliza kwa upole, "Ilikuwa shilingi ngapi kwa mwaka?" Kijana akatoa jasho. Ikabainika alikuwa akitunza fedha ndogo za matumizi ya kila siku, na baada ya kubanwa akasema, kwa sauti ya chini kama anayeungama, kwamba katika miaka mitatu kisanduku hakikupungua hata shilingi mia. Tuliangaliana. Nafasi tuliyokuwa tukijaza ilikuwa ya mtunza fedha ndogo. Lakini alishatufanya tushindwe kujua lipi la kuamini, na kazi akapewa mwingine.

Basi chunga vitenzi vyako. Kusimamia, kuongoza, kuanzisha, kupendekeza, kushiriki, kupima: kila kimoja kina swali lake linalokisubiri. Ukisema uliongoza, utaulizwa watu wangapi. Ukisema ulianzisha, utaulizwa kabla yako kulikuwa na nini. Kitenzi ambacho huna jibu la swali lake, kiondoe. Kwako wewe "nilipendekeza" na "ninapima" vinasimama vizuri kwa miguu yao.

Nakujua lakini. Ukishasoma haya utakwenda upande wa pili, utaandika "mimi ni msaidizi tu kituoni". Hiyo "tu" sitaki kuiona. Watu wetu husema chema chajiuza, lakini kwenye mtandao chema hakijiuzi kama hakijaandikwa. Kujishusha nako ni kutosema ukweli. Sema ulichofanya kwa ukubwa wake, kisha nyamaza.

Jambo la nafasi. About inabeba herufi 2,600, nawe umejaza karibu zote. Huhitaji. Mtu akifungua ukurasa wako anaonyeshwa mistari michache ya mwanzo, mingine hadi abonyeze. Mistari yako ya mwanzo imekwenda kwa maono na shauku, vitu ambavyo hakuna anayeweza kuvihakiki. Weka kazi mbele. Nimejaribu kukuandikia, wewe utaipeleka kwenye Kiingereza, ila Kiingereza cha maneno mafupi kama haya:

"Ninapima ubora wa asali katika kituo cha kukusanyia asali wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Katika misimu miwili nimepokea ndoo 780 za lita 20, tani 22 hivi, kutoka kwa wafugaji nyuki 212.

Msimu wa kwanza tulipima ndoo moja kati ya kumi, na mnunuzi alirudisha ndoo 10 kati ya 400 kwa kuchacha. Nilipendekeza tupime unyevu wa kila ndoo, na mwenzangu akawafundisha wavunaji kuacha masega yasiyofunikwa. Msimu uliofuata zilirudi ndoo 2 kati ya 380.

Natumia rifraktomita kila siku. Vipimo vya maabara nimevisoma chuoni lakini sijavifanya kazini, na ndivyo ninavyotaka kujifunza."

Sentensi ya mwisho usiiogope. Mwajiri wa maabara atakayekuita atakuwa ameshajua atakufundisha nini, na wewe hutalala macho ukiogopa swali. Ila usiweke mapungufu zaidi ya hilo moja. Ukurasa si kitubio.

Kuna jambo nimeliacha nje kwa makusudi. Uliniambia msimu wa pili mvua ziliwahi kukatika, na msimu mkavu asali yenyewe huja na maji kidogo. Huenda mvua zilisaidia kuliko rifraktomita. Ndiyo maana sikuandika "nilipunguza". Nimeweka ulichofanya, kisha kilichofuata. Habari ya mvua ibaki mdomoni, na msaili akikuuliza una hakika gani kwamba ni kupima ndiko kulikosaidia, mwambie hiyo bila kusitasita. Pale juu kwenye Headline ondoa "kiongozi wa mageuzi", andika "Mpima ubora wa asali, Sikonge". Kuna herufi 220 pale, lakini hakuna aliyekulazimisha uzimalize.

Kabla hujaweka chochote, mwonyeshe msimamizi wako zile namba za ndoo zilizorudi. Ni za kituo, si zako peke yako, na huenda hapendi mnunuzi mwingine azione. Akikataa, sema zilipungua na uishie hapo. Hizo 780 na 212 mwombe akuachie. Yeye ndiye utakayemwandika mdhamini, kwa hiyo ni vizuri ayasome maneno haya sasa kuliko kuyasikia siku akipigiwa simu.

Ukimaliza kuandika kwa Kiingereza nitumie kabla hujabonyeza Save. Nitaitia Kiswahili tena nimsomee bibi yako, tuone kama safari hii atakutambua.

Mama yako