Barua kwa Rehema: ramani yako ina rangi nyingi mno

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Picha ya ramani yako ya mawazo imenifikia, na jana usiku nimeikodolea macho mpaka yakaanza kuuma. Usininunie nikikwambia kweli: ile bado si ramani, ni daftari lako lilelile, ila sasa limezungushwa duara. Kila tawi limebeba sentensi nzima, na rangi nimezihesabu saba. Ndiyo maana unasema umeichora kwa saa mbili na hukumbuki kitu.

Mada uliyochagua, mmeng'enyo wa chakula, inafaa sana kwa ramani, basi nimeichora upya ili uone tofauti. Chukua karatasi ya A4, uilaze kwa upana. Laza kweli, kwa sababu maneno yetu huandikwa kwenda kando, na karatasi iliyosimama itakubana mapema. Katikati chora mfuko wa tumbo, mchoro mbaya tu unatosha, uandike MMENG'ENYO. Kutoka hapo toa matawi matano manene, ukianzia juu kulia na kuzunguka kama mshale wa saa: mdomo, tumbo, duodeni, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Najua duodeni ni mwanzo tu wa utumbo mwembamba. Nimeipa tawi lake kwa kuwa kongosho na mfuko wa nyongo humwaga vitu vyao hapo, na ukiichanganya na sehemu nyingine tawi moja litasongamana huku mengine yakibaki matupu. Tumia penseli kwanza. Kalamu za rangi hazifutiki.

Sasa rangi, maana hapo ndipo ulipopotea. Wewe umelipa kila tawi rangi yake: mdomo kijani, tumbo chungwa, na kadhalika. Inapendeza, lakini rangi hiyo inarudia jambo ambalo tawi limeshalisema. Nikiwa tayari kwenye tawi la tumbo, chungwa linaniongezea nini? Nami nilifanya hivyohivyo mwaka wangu wa kwanza, nikabandika ukutani, wageni wakasifu, mtihani ukanishinda. Rangi ijibu swali ambalo matawi hayalijibu. Matawi yanasema *wapi*. Basi rangi iseme *chakula gani*.

Kwa hiyo zinatosha tatu. Wanga ni bluu, protini ni zambarau, mafuta ni nyekundu. Sikuziokota tu. Kumbuka vipimo vya maabara: wanga ukidondoshewa iodini hugeuka bluu iliyokolea mpaka kuwa karibu nyeusi, protini kwa kipimo cha biureti huwa zambarau, na mafuta hushika wekundu wa Sudani III. Rangi zako zitakuwa zinakukumbushia mada nyingine bila gharama yoyote.

Tujaze tawi la mdomo. Wewe uliandika: "Kimeng'enya kiitwacho amilesi kilichomo kwenye mate huanza kuvunja wanga na kuugeuza kuwa maltosi." Mimi nimetoa kitawi cha bluu, juu yake nikaandika *amilesi*, kisha mbele yake *maltosi*. Basi. Kwamba inahusu wanga, bluu imesema. Kwamba ni mdomoni, tawi limesema. Neno "huvunja" halina kazi hapa, kwa sababu kila kitu kwenye karatasi hii huvunjwa. Ukiwa na shaka kama neno linatosha, funika kila kitu kinacholizunguka, ulitazame hilo tu, useme sentensi nzima kwa sauti. Ikitoka, neno limefaa. Ukikwama, ongeza neno moja au urudi kitabuni.

Tumboni kuna zambarau peke yake: *pepsini*, na kando yake *asidi*. Duodeni ndiyo yenye shughuli, rangi zote tatu zinakutana: *amilesi* kwa bluu, *tripsini* kwa zambarau, *lipesi* kwa nyekundu, zote kutoka kongosho. Kwenye utumbo mwembamba kazi inamalizika: *glukosi* kwa bluu, *asidi amino* kwa zambarau, na nyekundu nimeipeleka kwenye *limfu* kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta haiingii moja kwa moja kwenye damu kama wenzake wawili. Utumbo mpana una neno moja, *maji*, kwa penseli nyeusi. Hauna rangi, na huko kukosa rangi ni jibu tosha.

Sasa fanya hivi, na hapa ndipo ramani inapolipa. Fuata bluu peke yake kwa kidole. Inaanza mdomoni, inapotea tumboni, inaibuka tena duodeni. Kwa nini imepotea? Kwa sababu asidi ya tumbo huizima amilesi ya mate, nayo juisi ya kongosho ndiyo inayopunguza ukali huo baadaye. Kwenye daftari lako la mistari pengo hilo lisingeonekana kamwe, kwani daftari halionyeshi kisichokuwepo. Nimechora alama ya X ndogo ya bluu juu ya tawi la tumbo, na mshale mwembamba kutoka *asidi* kwenda kwenye hiyo X. Mishale ya namna hii, inayoruka kutoka tawi hadi tawi, weka michache. Mimi ninayo miwili tu. Ikifika sita ramani inakuwa wavu wa samaki.

Kuna hatari moja katika maneno mafupi, nayo iliniumiza. Niliwahi kuandika *nyongo* kwa nyekundu chini ya duodeni, nikaona yatosha. Wiki tatu baadaye nikaisoma kana kwamba nyongo ni kimeng'enya cha mafuta, kama lipesi, nikajibu hivyo na kukosa alama. Nyongo hutengenezwa na ini, hutunzwa kwenye mfuko wa nyongo, nayo hutawanya mafuta kuwa matone madogo tu ili lipesi iyafikie. Neno moja hubeba kitu, halibebi kukanusha. Siku hizi palipo na "si" ninaiandika: *nyongo, si kimeng'enya*, na mstari wake nauchora wa vipande vipande badala ya mstari mzima.

Jambo la nakala pia: ukiitoa fotokopi ya rangi moja, bluu na zambarau zitafanana kabisa. Weka herufi ndogo mwishoni mwa kila kitawi, W, P au M.

Usiilazimishe kila mada iingie humu, lakini. Kusawazisha milinganyo ya kemia, kwa mfano, kunataka hatua zifuatane chini kwa chini, na ukizitawanya kwenye matawi utapoteza mpangilio wenyewe.

Hii niliyokutumia usiinakili. Ichore yako kitabu kikiwa wazi, kisha kesho funga kila kitu, chukua karatasi tupu, uichore tena kwa dakika kumi. Usiogope ikitoka mbovu. Zilinganishe mbili hizo, na palipokosekana zungushia penseli. Hapo ndipo pa kusoma, hayo mengine yaache. Nitumie picha ya hiyo ya pili, yenye mapengo yake, usiirekebishe kwanza.

Wako,
Salma