Simu kama yako, dirisha kama lako, sasa unalipia nini?

Hili swali sisi tunaopiga picha za bidhaa tunaulizwa kila siku, na juzi kuna mteja kaliuliza kwa hasira kabisa, eti tumemwibia kwa sababu alituona tunapiga picha sabuni zake kwa simu tu pale dirishani. Sawa, simu ni simu, lakini dada huyohuyo alikuja kwetu baada ya kujipigia mwenyewe jioni huku kawasha taa ya ndani ili "kuongeza mwanga". Hapo ndo wengi wanaharibu. Mwanga wa dirisha una ubluu kidogo, balbu nyingi za nyumbani zina unjano, simu haiwezi kusawazisha vyote viwili kwa mpigo, kwa hiyo sabuni ikatoka upande mmoja njano upande mwingine bluu. Akaweka filta kuondoa unjano, sabuni ya zambarau ikageuka bluu, watu wakaagiza bluu, wakaletewa zambarau, wakarudisha mzigo. Bei yetu akaiona ndogo baadaye.

Sisi tunazima taa zote kwanza. Meza inakaa pembeni ya dirisha, mwanga uje kwa ubavu, na jua likipiga moja kwa moja tunashusha pazia jeupe jepesi maana bila hivyo kivuli kinakuwa kikali. Manila nyeupe isiyong'aa tunaibandika ukutani na kuiacha ishuke mpaka mezani kwa mkunjo laini, usiikunje kona, mstari utaonekana. Kipande kingine cheupe kinasimama upande wa pili wa dirisha kurudisha mwanga kwenye kivuli.

Halafu futa lenzi jamani, mafuta ya vidole yanaleta ukungu! Usisogee karibu mno, simu itashindwa kufokasi na kivuli chako kitaingia, rudi nyuma kidogo utumie zumu ya 2x. Gusa sabuni kwenye skrini ushikilie mpaka fokasi ijifunge. Manila itaonekana kijivu, sio manila mbaya, ni simu inapunguza mwanga ikiona weupe mwingi, so buruta kale kaalama ka jua juu kidogokidogo, na usimame kabla maandishi yaliyogongwa kwenye sabuni hayajaanza kufutika, yakishapotea hakuna kuediti kutakakoyarudisha.

Pete ndo inakula muda wetu kuliko vyote, manake chuma king'aacho ni kioo, kinaonyesha simu, vidole, hata shati lako. Ukiona doa jeusi katikati ya pete ujue ni simu yako hiyo. Tunaizungushia karatasi nyeupe pande zote, tunatoboa tundu dogo la lenzi, na pete tunaigeuza kidogo isitazame tundu. Flashi hatuwashi kabisa, inaacha doa moja jeupe na sehemu iliyobaki inakuwa nyeusi.

Ukileta vito vyako vilete vimeshafutwa kwa kitambaa laini, alama za vidole tukizifuta sisi muda huo tunauhesabu.