Neno la shukrani kwa walimu wetu

Ndugu na dada, shule yetu hapa Goma inatimiza miaka 50. Kila mmoja amwandikie mwalimu wake, lakini ataje kitu alichomfundisha. "Asante kwa yote" tunazo tayari nyingi.

Mimi namwandikia Prof wa kemia. Alichanganya siki na bikaboneti ndani ya jagi, akamimina gesi tu, bila maji, ndani ya beseni lenye mishumaa miwili. Ule mfupi ukazimika kwanza. Ndipo nikaelewa mazuku: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inalala mashimoni, haionekani wala hainuki. Ndiyo maana watoto wangu hawashuki shimoni kufuata mpira, hasa asubuhi isiyo na upepo.

Nitumieni yenu kabla ya Ijumaa.