Barua kwa wazazi wa kikundi chetu: mtoto mfupi, na lini daktari anasema huyu hana ugonjwa

Wanangu, shikamooni zenu nimezipokea, marahaba. Nimesoma yale mliyomwandikia mwenzenu juzi kuhusu kijana wake wa miaka 8 anayesimama mbele kabisa mstarini shuleni, mmoja anamwambia akapime homoni, mwingine anasema ampige eksirei mwili mzima, mwingine anamuuzia sirapu ya kurefusha. Mie nimekaa kliniki ya watoto mpaka nikastaafu na hili swali nimelikuta kila wiki, kwa hiyo naomba nieleze taratibu jinsi daktari anavyofikia uamuzi kwamba mtoto ni mfupi kwa sababu kwao ni wafupi, basi.

Kitu cha kwanza mjue, daktari haangalii sana mtoto ana urefu gani leo, anaangalia anarefuka kwa kasi gani. Kipimo kimoja hakisemi kitu. Kwenye chati ya WHO mvulana wa miaka 8 wa katikati ana kama sentimita 127, na ule mstari wa chini unaoanza kututia wasiwasi uko karibu na 116. Huyu kijana wetu ana 115, yaani yuko chini ya mstari. Hapo ndo mama alipoingiwa na hofu, na simlaumu, lakini kati ya watoto 100 wazima kabisa, kama 2 hivi wanakaa chini ya mstari huo bila ugonjwa wowote.

Sasa nikamwambia atafute vipimo vya nyuma. Bahati nzuri shule walikuwa wanampima kila Januari: akiwa na miaka 6 alikuwa 105, akiwa na 7 akawa 110, sasa 115. Sentimita 5 kila mwaka. Mtoto kuanzia miaka 4 mpaka kabla ya kubalehe anatakiwa apate kama 5 hadi 6 kwa mwaka, akishuka chini ya 4 hapo hatusubiri. Na ukiziweka hizo nukta kwenye chati zinapanda sambamba na mistari, yuko chini lakini hashuki zaidi. Mwili wenye ugonjwa unaokula ukuaji hauwezi kufanya hivo miaka miwili mfululizo, lazima utapunguza mwendo.

Mlinganishe na binti mmoja niliyewahi kumwona, na yeye miaka 8, ana sentimita 121, ukimwangalia darasani wala humfikirii. Aliletwa kwa ajili ya choo kigumu. Ila akiwa na miaka 6 alikuwa 117, yaani juu kidogo ya wastani wa wasichana wa umri wake, halafu miaka miwili amepata sentimita 4 tu, na wakati huohuo uzito unaongezeka na kila saa anasikia baridi, sweta haivui. Huyo ndiye tuliyemtoa damu siku hiyohiyo, na ilikuwa tezi ya shingoni, ile wanaita thairoidi, haifanyi kazi vizuri. Mrefu kuliko kijana wetu lakini yeye ndo mgonjwa. Mtoto anayenenepa huku harefuki anatupeleka kwenye homoni, mtoto anayekonda huku harefuki anatupeleka kwenye chakula, tumbo, figo, selimundu, VVU na maradhi mengine ya muda mrefu.

Swali la pili ni la wazazi, na hapa jamani msikadirie. Kina baba karibu wote wanajiongezea sentimita, muiteni asimame ukutani avue viatu apimwe. Baba wa huyu kijana ana 160, mama 148. Ukijumlisha unapata 308, kwa mvulana unaongeza 13, zinakuwa 321, unagawa kwa 2, inakuja 160 na nusu. (Kwa msichana hiyo 13 unaitoa.) Kisha unaruhusu kama sentimita 8 na nusu juu na chini, kwa hiyo akiwa mtu mzima anatarajiwa awe kati ya 152 na 169. Sasa mwanaume wa 160 na yeye yuko chini kidogo ya mstari uleule wa chini kwenye chati, maana yake mtoto anatembea kwenye njia ileile ya wazazi wake. Hilo ndilo jibu la daktari: kasi ni nzima, njia ni ya kwao, mwili una uwiano mzuri wa miguu na kiwiliwili, anakula, anacheza, hana dalili nyingine. Hapo vipimo vya damu haviongezi kitu.

Daktari akitaka uhakika zaidi anaweza kuomba eksirei moja ya kiganja cha kushoto, sio mwili mzima. Anaangalia mifupa imekomaa kiasi gani. Kwa mtoto mfupi wa kurithi mifupa inalingana na umri wake, miaka 8 ni miaka 8. Mifupa ikiwa nyuma kama miaka miwili na mtoto ana afya, na baba anakumbuka alirefuka akiwa kidato cha nne, huyo ni yule anayechelewa tu, atabalehe baadaye na atafikia wenzake. Ila hata thairoidi huchelewesha mifupa, ndo maana eksirei haisomwi peke yake bila ile kasi.

Kuna sehemu hesabu ya wazazi inadanganya na nataka muishike. Kwetu huku wazazi wengi walidumaa wakiwa wadogo kwa sababu ya njaa na magonjwa, sasa ufupi wao sio wa damu, ukiutumia kumpimia mtoto unaweza kusema "ni wa kwao" kumbe na yeye anadumaa kwenye nyumba ileile. Kwa hiyo nauliza wajomba na mashangazi wakoje, nauliza mtoto anakula nini. Na mzazi akiwa mfupi mno, au mikono na miguu yake ni mifupi kuliko kiwiliwili, huenda yeye mwenyewe ana ugonjwa wa kurithi ambao hakuna aliyewahi kuutazama. Kwa msichana nakuwa mkali zaidi, akiwa mfupi kuliko hesabu ya wazazi wake inavyosema naomba apimwe kromosomu, kwa sababu kuna wasichana wana kromosomu moja ya eksi badala ya mbili na dalili pekee inaweza kuwa ufupi tu.

Watoto chini ya miaka miwili msiwahukumu kwa haya, wengi wanazaliwa wakubwa halafu wanashuka mistari mpaka wanakuta njia ya wazazi wao, ni kawaida. Akishapita miaka mitatu akaanza kuvuka mistari kwenda chini, hiyo sio kawaida.

Mkimpima nyumbani: viatu chini, nywele zilizosukwa juu fumueni, visigino na mgongo ukutani, macho yatazame mbele, rula au kitabu kikae bapa kichwani. Rudieni baada ya miezi 6, sio mwezi mmoja, kosa la sentimita 1 kwenye mwezi mmoja linawatisha bure. Kijana wetu anarudi kliniki Julai. Akiwa amepata 2 na nusu tunaendelea kumwacha acheze, akipata 1 tu namtuma maabara mwenyewe. Hiyo sirapu, mama yake ameshairudisha dukani.