Mmewacheka vijana wa Kigoma, na sahihisho lenu ni kosa

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka kumi na minane bila kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa. Ile habari yenu ya vijana wa huku Kigoma walioitwa kwenye usaili wakawa wanafunga kila sentensi kwa "isn't it" imeniuma. Mwandishi wenu amewacheka kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho, wala hakueleza kosa hilo linatoka wapi.

Linatoka kwenye Kiswahili chetu. Tukisema "Umetoka Ujiji, sivyo?" au "Hawajafika, sivyo?", neno la mwisho halibadiliki, kwa sababu linauliza habari nzima: mambo si hivyo? Halijali kitenzi kiko wakati gani wala mtendaji ni nani. Kijana anaichukua "sivyo" hiyohiyo, anaitafsiri, anapata "isn't it".

Kiingereza kinakwenda njia nyingine. Kinarudia kitenzi kisaidizi cha sentensi, kinageuza yakinishi kuwa kanushi au kanushi kuwa yakinishi, kisha kinamtaja mtendaji kwa kiwakilishi. "Your brother can swim" inafungwa na "can't he". Taabu inaanza kisaidizi kisipoonekana. Katika "Your brother sold dagaa at Kibirizi" hakipo, kwa hiyo msemaji anapaswa kukileta mwenyewe, aseme "didn't he". Kikikatwa ndiyo mtego zaidi: "He's going to Kasulu" inataka "isn't he", lakini "He's gone to Kasulu" inataka "hasn't he", maana ile "'s" ya kwanza ni "is" na ya pili ni "has". Sikio halisaidii hapo, mpaka utazame kitenzi kinachofuata. Yote haya kijana ayafanye kwa pumzi moja, mbele ya watu watatu wanaomkodolea macho.

Na sahihisho mlilowapa, "Nobody came, didn't they?", si sahihi! "Nobody" imeshabeba ukanushi ingawa hakuna "not" kwenye kitenzi, hivyo kinachofuata ni "did they". "Never" na "hardly" ni vivyo hivyo.

Mimi jambo hili lilinikosesha kazi. Mwaka 1997, wakati wakimbizi wamejaa mkoani kwetu, niliomba kazi ya ghala kwenye shirika moja la misaada. Mzungu aliyekuwa akinisaili akasema, "You haven't kept a store before, have you?" Nikajibu "Yes", moyoni nikimaanisha ndiyo, ni kweli, sijawahi. Kwa Kiswahili "ndiyo" inakubaliana na maneno ya muulizaji. Ukiulizwa "Hujala?" na kweli hujala, unajibu "ndiyo", na mama mpishi anakupakulia. Kwa Kiingereza "yes" inafuata tendo lenyewe: limefanyika au halikufanyika. Nilipaswa kusema "No, I haven't". Yule bwana akaandika kwamba nina uzoefu, nikakabidhiwa funguo za ghala la unga, maharage na mafuta ya kula. Siku ya tatu akataka kuona leja. Nilikuwa nimeandika magunia yaliyoingia tu, yaliyotoka sikuyaandika, kwani hakuna aliyewahi kunionyesha leja inavyojazwa. Akanisomea jibu langu kwenye karatasi, akaniita mwongo mbele ya vibarua na madereva, nikavua funguo shingoni nikarudi nyumbani kwa miguu. Sikusema uongo, mhariri! Nilijibu Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza, na mke wangu alinikuta nimekaa uani hadi giza likaingia.

Halafu gazeti hilohilo, ukurasa uleule, limeandika "nyimbo hii" badala ya "wimbo huu", na "masaa" badala ya "saa". Kiswahili tumezaliwa nacho. Watoto wetu wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakifika kidato cha kwanza wanakuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, nanyi mnawacheka kwa kisaidizi kimoja.

Ninachotaka ni hiki. Walimu waache kuwakaririsha orodha. Kila Jumatatu waandike ubaoni sentensi kumi za maisha ya hapa, za dagaa, mawese na treni, na kabla mwanafunzi hajajibu, apigie mstari kisaidizi au aseme hakipo. Tano kati ya hizo ziwe kanushi, na nusu saa iliyobaki wafanye mazoezi ya kujibu "yes" na "no" tu. Nanyi chapeni sahihisho la "did they" ukurasa uleule, kwa herufi zenye ukubwa uleule wa kichwa cha habari mlichowachekea.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma